Dharau Hukaa Wapi Ndani ya Neno?

Daladala imesimama kituoni na konda anamwambia dereva, "Ngoja, kuna mtu mwenye ualbino anapanda." Nyuma yake gari jingine limesimama, na konda wake naye anamwambia dereva, "Ngoja, kuna zeruzeru anapanda." Waulize madereva hao wamepata habari gani, watakupa jibu moja: kuna abiria, ana hali fulani ya ngozi, anapanda gari. Kama ya kwanza ni kweli, basi na ya pili ni kweli. Hata hivyo abiria wa gari la pili ameumizwa kabla hajapata kiti, na wa gari la kwanza hakuguswa.

Hicho kilichozidi katika sentensi ya pili ndicho kinachowagawa wanaisimu na wanafalsafa wa lugha. Wote wanakubali kwamba kipo. Ugomvi ni kwamba kinakaa wapi. Je, dharau ni sehemu ya maana ya neno? Je, ni jambo ambalo msemaji analichukulia tu kuwa linajulikana na kukubalika kabla hajafungua kinywa? Au ni kidokezo, yaani jambo analolipitisha bila kulisema?

Nimelichagua neno "zeruzeru" kwa makusudi, na naliandika bila kulificha herufi kwa sababu neno lililofunikwa halichunguziki. Kamusi zetu zimelibeba kwa miaka mingi kama jina la kawaida tu. Kisha katikati ya miaka ya 2000 yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, watu wakakatwa viungo kwa imani za kishirikina, na kila jina walilokuwa wakiitwa likapimwa upya. Leo chama chao kinaitwa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, na mtu anayejua hilo akaendelea kusema "zeruzeru" anakuwa amechagua.

Tuanze na jibu jepesi kuliko yote: dharau ni sehemu ya maana. Mwanafalsafa Christopher Hom alilitetea jibu hili mwaka 2008 alipoandika kuhusu matusi ya rangi. Kwa maelezo yake, neno la kudhalilisha kundi halimaanishi tu "mtu wa kundi fulani". Linamaanisha mtu anayestahili kutendewa hivi na hivi, kwa sababu ana tabia mbaya kadha wa kadha, na tabia hizo anazo kwa kuwa ni wa kundi hilo. Ukilipeleka wazo hili kwenye neno letu, zeruzeru ni mtu anayestahili kuogopwa na kutengwa kwa sababu ya kasoro zinazotokana na ualbino wake. Kwa kuwa hakuna binadamu wa namna hiyo, hakuna zeruzeru hata mmoja duniani.

Kuna jambo zuri hapa. Mtetezi wa haki akisimama na kusema, "Hakuna mazeruzeru katika kijiji hiki, kuna watu," tunamwelewa, na tunaona amesema kweli. Lakini nadharia hii ina mtihani mmoja unaoisumbua, nao ni ukanushi. Maana ya kawaida ya neno hutii neno "si". Nikisema "Mjomba wako ni mwizi," nimemtukana. Nikisema "Mjomba wako si mwizi," tusi limeondoka, pengine nimemtetea. Sasa fikiria konda anasahihishwa na mwenzake: "Yule si zeruzeru, ni Mzungu." Ukanushi upo, abiria kaondolewa kabisa kwenye kundi, lakini watu wenye ualbino waliomo ndani ya gari wamesikia tusi lilelile. Geuza sentensi iwe swali: "Yule ni zeruzeru?" Igeuze iwe sharti: "Kama ni zeruzeru, mpishe." Dharau inapita humo mote bila kupunguzwa. Haisikii "si", haisikii "kama", wala haisikii alama ya kuuliza.

Mtihani wa pili unatoka kwa msikilizaji. Mtu akikuambia uongo unamjibu, "Si kweli." Jaribu kumjibu hivyo konda aliyesema, "Kuna zeruzeru anapanda." Atakachoelewa ni kwamba hakuna anayepanda, au kwamba anayepanda hana ualbino. Ile dharau hujaigusa kabisa. Ili kuigusa inakubidi uuache mzungumzo na umgeukie yeye mwenyewe: "Usimwite hivyo." Unasahihisha kitendo chake. Ingekuwa dharau imo katika kile kinachodaiwa kuwa kweli, "si kweli" ingeifikia.

Hom anajibu kwamba tutenganishe mambo mawili: neno kudhalilisha, na msikilizaji kuumia. Katika sentensi ya ukanushi neno halijamdhalilisha mtu yeyote, ila wasikilizaji wanaumia kwa mazoea. Kwangu jibu hilo linamtoza aliyeumia gharama isiyo yake. Anachosikia abiria katika sentensi zote nne ni kitu kilekile, na nadharia inayosema kwamba katika tatu kati ya hizo amejisikia vibaya tu inaacha nje jambo ambalo ilitakiwa kulieleza.

Jibu la pili linaonekana kuponya tatizo hili mara moja. Kuna aina ya habari inayopita katika ukanushi na maswali bila kudhurika, nayo ni dhanio la awali. "Juma ameacha kuvuta sigara" inachukulia kwamba Juma aliwahi kuvuta. "Juma hajaacha kuvuta sigara" inachukulia hivyo hivyo. "Juma ameacha kuvuta sigara?" nayo ni vilevile. Mawakili wanaijua silaha hii vizuri: shahidi akiulizwa "Uliacha lini kumpiga mkeo?" amekwisha kunaswa, ajibu ajibuvyo. Basi labda anayesema "zeruzeru" anachukulia, kama jambo lililokwisha kukubaliwa na wote mle ndani, kwamba watu hawa ni duni. Inaeleza vizuri kwa nini kunyamaza kunauma: asiyepinga anakuwa kama amelikubali dhanio, na gari zima linajikuta limeshiriki.

Ila madhanio yana tabia nyingine ambayo dharau hii haina. Dhanio linaweza kuzuiwa. Sema: "Kama Juma aliwahi kuvuta sigara, basi sasa ameacha." Hapo sijachukulia chochote kuhusu maisha ya Juma. Nimelitanguliza dhanio kama sharti na likaishia humo. Tufanye vivyo hivyo na neno letu: "Kama ni kweli kwamba watu wenye ualbino ni duni kuliko wengine, basi yule zeruzeru hafai kazi hii." Sharti limewekwa wazi, msemaji hajadai kwamba ni kweli. Kwa kanuni za madhanio dharau ingepaswa kuzuiwa hapo mlangoni. Haikuzuiwa. Neno limetoka na limeumiza kana kwamba sharti halikuwekwa.

Philippe Schlenker alijaribu mwaka 2007 kuliokoa wazo hili kwa kusema kwamba dhanio lenyewe linahusu moyo wa msemaji: msemaji anachukulia kwamba yeye, wakati huo anaposema, ana mtazamo fulani juu ya kundi fulani. Kwa kuwa yeye ndiye mwenye moyo wake, hakuna sharti la kulizuia dhanio hilo. Ni marekebisho ya mtu hodari, lakini yanatuacha na dhanio lisilohitaji kukubaliwa na yeyote isipokuwa anayelitoa. Uzito wa dhanio la kawaida ulikuwa katika kuwaingiza wengine, na sasa huo umekwisha.

Tunabaki na kidokezo. Aliyelipa jambo hili sura yake ya kisasa ni Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967. Grice alitaka kueleza jinsi tunavyomaanisha zaidi ya tunavyosema. Mfano wake mashuhuri ni wa barua ya kumpendekeza mtu kazini: mwalimu anaulizwa kama mwanafunzi wake anafaa kufundisha falsafa, naye anaandika kwamba kijana anaijua lugha vizuri na anahudhuria masomo bila kukosa. Basi. Hajasema kwamba hafai. Lakini msomaji anajiuliza kwa nini mwalimu anayemjua kijana huyu hakusema lolote kuhusu falsafa, na jibu linajileta lenyewe.

Kidokezo cha aina hii kina alama moja ya kukitambua, nayo ni kwamba kinaweza kufutwa. Mwalimu anaweza kuongeza mstari: "Sina maana kwamba hajui falsafa, sikumfundisha somo hilo tu." Hakuna mgongano wowote. Mjaribu sasa konda: "Kuna zeruzeru anapanda, lakini sina maana ya kumdharau." Nusu ya pili haiifuti ya kwanza. Inamfanya asikike kama mtu anayejua alichokifanya. Kwa hiyo "zeruzeru" si kidokezo cha mazungumzo.

Lakini lipo tusi jingine ambalo ni kidokezo hasa, na watu wenye ualbino Tanzania wamelisikia mitaani: "dili". Kila mtu analijua neno hilo. Ni biashara yenye faida, mpango wa pesa. Kijana mwenye ualbino anapita mbele ya kijiwe, mmoja anawaambia wenzake bila kumtazama, "Dili hiyo." Hakuna kamusi itakayokuonyesha tusi hapo, wala tishio. Msikilizaji analijenga mwenyewe kwa hatua: kinachopita ni mtu mmoja tu, hakuna biashara iliyokuwa ikizungumzwa, katika nchi hii viungo vya watu kama yeye vimewahi kutafutwa kwa pesa, basi anayeitwa dili ni mimi. Yote hayo yanapita kichwani kwa sekunde moja, na mtu anaharakisha hatua. Akimgeukia aliyesema na kumwuliza, atajibiwa, "Mbona unajishtukia? Tulikuwa tunaongelea simu." Kidokezo kimefutwa, kwa mdomo angalau. Ndiyo sababu wanaotaka kutisha watu bila kukamatwa hupenda vidokezo: ushahidi wote umo kichwani mwa aliyetishwa.

Grice aliacha mlango mwingine wazi. Kuna vidokezo ambavyo havijengwi na msikilizaji, vimeshikamana na neno lenyewe kwa kaida. Nikisema "Hata Asha alifaulu," nimesema kwamba Asha alifaulu, na neno "hata" limeongeza kwamba hakutarajiwa. Ukanushi hauliondoi: "Si kweli kwamba hata Asha alifaulu" bado inamweka Asha miongoni mwa wasiotarajiwa. Wala halifutiki: "Hata Asha alifaulu, lakini sina maana kwamba hakutarajiwa" ni sentensi inayojikwaa. Kwa mitihani yote miwili hapa tunakaribia nyumbani.

Mtu wa kwanza kuliona jambo hili kwa macho makali aliishi kabla ya Grice. Ni Gottlob Frege, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Kijerumani, katika maandishi yake ya mwaka 1897 kuhusu mantiki. Alilinganisha sentensi mbili kuhusu mbwa aliyelia usiku, moja ikitumia jina la kawaida la mbwa, nyingine jina la kumdharau. Akasema wazo linaloelezwa ni moja. Ukweli wa moja ni ukweli wa nyingine, na dharau imetiwa pembeni kama rangi isiyobadilisha picha. Kwa Kijerumani ilimbidi atafute jina jingine kabisa. Sisi tunabadilisha kiambishi tu: "Mbwa yule alibweka usiku kucha." "Jibwa lile lilibweka usiku kucha."

Hapo ndipo Kiswahili kinapokuwa na la kusema katika mjadala huu, na nasikitika kwamba hakijasemeshwa vya kutosha. Tazama sentensi hizi mbili:

"Kijana yule amekuja na anataka kukuona."

"Kijana kile kimekuja na kinataka kukuona."

Nomino ni ileile. Hakuna jina la dharau lililoingizwa, hakuna kivumishi kibaya, hakuna habari iliyoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni upatanisho wa kisarufi. Katika ya kwanza kijana anapatanishwa kama kiumbe hai, katika ya pili anapatanishwa kama kiti au kisu. Na dharau imejaa sentensi nzima. Jibu "Si kweli!" na utakuwa umekana kuja kwake tu. Kanusha, "Kijana kile hakijaja," na dharau ingali palepale. Ongeza, "lakini namheshimu," na umejipinga. Ukitaka kuona dharau ikiwa imetenganishwa kabisa na habari, sidhani kama utapata mahali pazuri kuliko upatanisho wa ki- kwa mtu.

Mwanaisimu wa Kimarekani Christopher Potts, katika kazi zake za mwaka 2005 na 2007, alidai kwamba maneno ya hisi yana daraja lake la maana linalokwenda sambamba na lile la habari bila kuchanganyika nalo. Alizitaja sifa zake kadhaa, na mbili zinaonekana wazi hapa. Ya kwanza ni kwamba hisi ikirudiwa inaongezeka nguvu, haichoshi. Habari ikirudiwa inakera: "Amekuja, na amekuja, na amekuja." Lakini katika "kijana kile kimekuja na kinataka" kila kiambishi kinaongeza pigo, na msemaji mwenye hasira ataongeza vingine: kimesimama, kinasema, kimevaa. Sifa ya pili ni kwamba hisi hiyo hukataa kuelezwa kwa maneno mengine. Mwambie mtu akueleze "kile kimekuja" kwa sentensi ya kawaida. Atasema, "Yaani anamdharau." Lakini mtu anaweza kutangaza "namdharau kijana yule" kwa utulivu wa karani anayesoma orodha. Aliyesema "kile kimekuja" hajatoa taarifa kuhusu dharau yake. Ameidharaulia palepale.

Hata hivyo mfumo huu wa viambishi hauko upande wa dharau peke yake. Mama akisema "kitoto changu kimelala", hakuna anayedhani anamdharau mwanawe. Kiambishi kinamshusha mtu kutoka ngazi yake ya kawaida, na mwelekeo wa hisi, upendo au dharau, unatoka kwa msemaji, sauti, na uhusiano wa wawili hao. Kwa hiyo kaida inatoa hisi, na muktadha unaipa rangi. Nadharia inayotaka yote yawe kaida, au yote yawe muktadha, inashindwa mbele ya kitoto kilicholala.

Na kuna tofauti nyingine inayonifanya nisiishie kwa Potts. Mwanamke anamwambia shoga yake, "Mama anasema kijana kile kisikanyage kwake, na mimi ndiye ninayempenda." Dharau hapa ni ya mama. Binti ameibeba kama alivyoibeba kauli, na tumemwelewa. Sasa badilisha: "Mama anasema zeruzeru asikanyage kwake, na mimi ndiye ninayempenda." Binti ameripoti tu, tena anapinga, lakini neno limeacha doa mdomoni mwake. Wengi wetu tungesema, "Mama hataki kumwona kwa sababu ana ualbino," tuliache neno kwa mwenyewe. Hata ndani ya alama za kunukuu, kama nilivyolitumia katika makala haya, halilali kabisa.

Upatanisho wa dharau unahamishika, tusi la kundi halihamishiki kirahisi. Ernie Lepore na Luvell Anderson walilitaja jambo hili mwaka 2013 kama hoja dhidi ya nadharia zote tatu. Walisema kinachouma ni kuvunja katazo: watu wanaohusika wamelikataa neno, na atakayelitamka kwa namna yoyote, hata kwa kunukuu, amelivunja katazo hilo. Geoffrey Nunberg mwaka 2018 alilichukua upande wa pili: neno la namna hii ni mali ya kundi la watumiaji wake, na anayelichagua, huku jina la kawaida lipo, anajitia katika kundi hilo na kusema kwa sauti yao. Mimi naona Nunberg amekaribia zaidi. Katazo haliwezi kuwa la kwanza, kwani watu hawakatazi neno lisilokuwa limekwisha kuwaumiza. Lakini uchaguzi wa neno la kundi fulani, jinsi lilivyotumika na nani, ndiyo historia tuliyoishuhudia ya "zeruzeru".

Utani wa makabila unalithibitisha hilo kutoka upande wa pili. Mngoni na Mhehe wanaweza kuitana majina msibani ambayo mgeni akiyatamka atatolewa nje. Maneno ni yaleyale na maana ni ileile. Aliyebadilika ni msemaji, na pamoja naye kundi analolisemea. Ingekuwa dharau imefungwa ndani ya maana, hakuna utani ambao ungeifungua.

Haya yote yanaweza kuonekana ya darasani mpaka yafike mahakamani, na yamefika. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 kuhusu mshikamano na utangamano wa kitaifa, iliyozaliwa na ghasia za baada ya uchaguzi, inamtia hatiani mtumiaji wa maneno ya vitisho au ya matusi kwa njia mbili: akikusudia kuchochea chuki ya kikabila, au, kwa kuzingatia mazingira yote, chuki hiyo ikielekea kuchochewa. Njia ya pili inajua kuhusu vidokezo. Inakataa kumwachia msemaji haki ya kukifuta kidokezo chake baadaye. Mwaka 2022, kuelekea uchaguzi, tume iliyoundwa na sheria hiyo ilitoa pia orodha ya maneno ya kuepukwa, "madoadoa" likiwemo, neno lililotumika Bonde la Ufa kuwaita walioonekana wageni wa kuondolewa. Nia ya orodha ni njema. Lakini orodha hukamata kile kinachokaa ndani ya neno tu. "Madoadoa" limo katika nguo ya kila mtoto, na "dili" limo katika kila soko.

Kesi iliyolichimba jambo hili kwa kina zaidi iliamuliwa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa burgomasta wa wilaya ya Taba, tarehe 2 Septemba 1998, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Kabla ya kufika huko majaji walimwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, awaeleze maneno kadhaa ya Kinyarwanda moja baada ya jingine: maana ya msingi, namna yalivyotumika miaka ya 1960, namna yalivyotumika redioni, na jinsi msikilizaji wa 1994 alivyoyapokea. Miongoni mwayo lilikuwa "inyenzi", yaani mende, neno ambalo lingeingia katika orodha yoyote ya matusi.

Lakini hotuba iliyomfunga Akayesu kwa kosa la uchochezi ilikuwa na kitu kingine. Alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1994, mahali paitwapo Gishyeshye, mbele ya watu zaidi ya 100, aliwahimiza waungane kumwondoa adui mmoja tu: washirika wa Inkotanyi. Inkotanyi si tusi. Ni jina ambalo wapiganaji wa RPF walijiita wenyewe. "Mshirika" nalo si tusi. Ukiipitisha kauli hiyo katika mitihani yote ya juu utakuta kidokezo cha mazungumzo, kinachofutika, ambacho msemaji angeweza kukikana kwa kusema kwamba alikuwa akiongelea jeshi la adui wakati wa vita. Mahakama iliuliza maswali mawili yaliyobaki. Waliokuwepo walielewa nini? Walielewa wito wa kuwaua Watutsi. Na je, yeye alijua kwamba ndivyo watakavyoelewa? Mahakama iliridhika kwamba alijua, na kwamba mauaji yaliyotapakaa Taba baada ya mkutano ule yalikuwa na uhusiano nao.